Domeni Yenye Mwenyewe: Jinsi ya Kuinunua Bila Kupigwa Bei Wala Kutapeliwa

Kampuni ndogo ya kupandisha wageni Mlima Kilimanjaro, yenye ofisi Moshi, imetumia kwa miaka minne tovuti inayoishia na .co.tz. Wageni wake wengi hutoka Ujerumani na Marekani. Kila mara kuna anayeandika jina la kampuni kisha .com kwa mazoea, akatua kwenye ukurasa mtupu. Mwingine hutuma barua pepe huko na hapati jibu. Mwenye kampuni anakwenda kwa msajili wa majina kuitafuta hiyo .com, anaambiwa imeshachukuliwa. Mfano huu nimeutunga ili tuufuate hatua kwa hatua, na domeni yenyewe sitaitaja, lakini hali hii wafanyabiashara wengi wa kwetu wanaijua.

Domeni ya .com isiyo na mwenyewe husajiliwa kwa takriban dola 10 hadi 20 kwa mwaka. Iliyo na mwenyewe haina bei ya dukani. Bei yake huamuliwa na mambo mawili: mwenye domeni anakuona wewe ni nani, na wewe mwenyewe utafanya nini ukiikosa. Ndiyo maana kazi kubwa hufanyika kabla hujamwandikia. Unatakiwa umjue yeye vya kutosha kabla yeye hajakujua wewe.

Mahali pa kuanzia ni lookup.icann.org, ukurasa wa shirika linalosimamia majina ya intaneti duniani. Andika domeni unayoitaka, usome kinachotokea. Mwenye kompyuta aliyezoea kuandika amri anaweza kutumia hizi mbili, akiweka jina analolitafuta mahali pa example.com:

```
whois example.com
dig NS example.com +short
```

Jina la mwenye domeni huenda usilione. Tangu Mei 2018, sheria ya Umoja wa Ulaya ya kulinda taarifa za watu ilipoanza kutumika, wasajili wengi huficha majina na anwani za wateja wao. Lakini yanayobaki yanasema mengi. "Creation Date" ni siku domeni iliposajiliwa, na "Registry Expiry Date" ni siku malipo yake yatakapokwisha. Kuna jina la msajili, yaani kampuni ambayo domeni imesajiliwa kwake. Kuna pia seva za majina, na hizo zitazame vizuri: zikiwa za soko la domeni kama Sedo au Afternic, unakabiliana na mtu ambaye kuuza majina ndiyo biashara yake, na huenda bei yake imeshabandikwa. Zikiwa za kampuni ya kawaida ya kuhifadhi tovuti, uwezekano mkubwa ni mtu wa kawaida aliyeanzisha kitu kikaishia njiani.

Mtu wetu wa Moshi anakuta domeni ilisajiliwa 2014, malipo yanakwisha baada ya miezi saba, na seva ni za kawaida. Anakwenda web.archive.org, kwenye hifadhi ya kurasa za zamani, anaandika domeni ileile. Hapo anakuta ukurasa wa 2015: wakala wa safari wa Nairobi, na namba ya simu chini. Ukurasa wa mwisho wenye maandishi ni wa 2019. Sasa anajua mengi. Mwenye domeni pengine ni Mkenya, si mfanyabiashara wa majina, na biashara aliyoifungulia tovuti haipo tena hewani. Ila bado anailipia, au kadi yake inakatwa yenyewe kila mwaka.

Hapa ndipo wengi hujiuliza: kwa nini nisisubiri ikwishe muda? Kwa .com, malipo yakikwisha, msajili anaweza kuipa domeni hadi siku 45 ambazo mwenyewe bado anaweza kulipa. Ikifutwa baada ya hapo, huingia siku 30 zenye alama `redemptionPeriod`, ambapo mwenyewe anaweza kuikomboa kwa faini, kisha siku 5 za `pendingDelete`, halafu inaachiwa. Katika karatasi njia hiyo ni rahisi na ya bei nafuu. Katika hali halisi, wasajili wengi hupeleka mnadani domeni zilizokwisha muda hata kabla hazijafutwa, na zile zinazofika mwisho hunyakuliwa na mitambo ya kampuni zinazozivizia kwa sekunde. Ukisubiri jina zuri, unaweza kumpoteza muuzaji mmoja mpole ukaangukia mikononi mwa mfanyabiashara. Kusubiri kunafaa pale ambapo muda umeshakwisha au umebaki wiki chache, tovuti imekufa, na ukiikosa hutaumia. Na ukiamua kusubiri, nyamaza kabisa, kwa sababu barua moja ya kuulizia ndiyo itakayomkumbusha mwenyewe kwenda kulipia.

Miezi saba ni mingi, na domeni hii imelipiwa bila kukosa tangu 2014. Mtu wetu anaamua kuandika. Kabla ya hapo anawaita mdogo wake na kijana anayemtengenezea tovuti, anawaomba wasiulizie popote. Kosa hili ni la kawaida sana na huongeza bei bure: mkurugenzi anaulizia leo, fundi wake kesho, shemeji aliyeko Ujerumani keshokutwa. Watu watatu wa kampuni moja, lakini mwenye domeni anaona wateja watatu wanaogombea, na kwa alichokiona ana haki ya kupandisha.

Kisha anajiwekea kikomo. Kwenye namebio.com kuna kumbukumbu za mauzo ya domeni yaliyotangazwa, pamoja na bei zake. Anatafuta yanayofanana na lake kweli: .com, maneno mawili, mambo ya safari au milima. Anaachana na yale ya neno moja fupi, maana hayo ni soko jingine kabisa, na anaachana pia na zile tovuti zinazokadiria thamani kwa mashine, kwa sababu hazijui nani anauza wala nani anataka. Anaona majina ya aina yake yakienda kati ya dola mia chache na elfu chache. Halafu anapiga hesabu ya upande wake: kuna jina jingine, refu kidogo kwa neno moja, ambalo halijachukuliwa. Kulihamia kutamgharimu mabango mapya, fulana za wapagazi na vipeperushi. Akijumlisha yote anafika dola 1,500. Hicho ndicho kikomo, na anakiandika kwenye karatasi kabla ya kuzungumza na mtu yeyote. Kikomo kinachopangwa katikati ya mazungumzo hupanda kila muuzaji anapopumua.

Kinachosaidia zaidi ni kununua mapema, kabla hujawa mkubwa. Kampuni ya magari ya umeme ya Tesla ilitumia teslamotors.com kwa miaka mingi kwa sababu tesla.com ilikuwa na mwenyewe, aliyeisajili mwaka 1992. Ilikuja kuipata 2016, na mwaka 2018 Elon Musk aliandika hadharani kwamba ilichukua zaidi ya miaka kumi na dola milioni 11. Jina lilikuwa lilelile. Kilichobadilika ni mnunuzi.

Sasa barua. Mtu wetu haandiki kutoka anwani ya kampuni, kwa sababu anwani hiyo ina jina lilelile na .co.tz, na kwa mstari mmoja tu ingemwambia mwenye domeni kwamba mnunuzi ameshafungwa kwenye jina hilo. Anatumia anwani yake binafsi. Hadanganyi, na hapa nasisitiza: kujifanya mwanafunzi au mama mjane ni uongo unaogundulika kwa utafutaji wa dakika mbili, na ukigundulika muuzaji hukasirika, tena kwa haki. Kutotaja kampuni si uongo. Anampata mwenyewe kwa namba ile ya ukurasa wa zamani, bado inafanya kazi, na baada ya salamu fupi anaombwa atume maelezo kwa barua pepe:

"Habari ya kazi, kaka. Naitikia tulivyozungumza. Naona domeni ile huitumii kwa sasa, nami ningependa kuichukua kwa kazi yangu ya utalii. Nina dola 400 tayari. Tukikubaliana, malipo tutapitisha kwa mshika amana ili wewe na mimi tuwe salama, na gharama zake zote ni juu yangu. Nitashukuru kupata jibu lako wiki hii."

Kuna wanaoshauri usitaje bei kwanza, umwache muuzaji aseme. Kwa mtu wa kawaida mimi sikubaliani nao. Watu wenye domeni hupokea barua nyingi za kitapeli zinazouliza "unauza?", na barua isiyo na tarakimu hutupwa pamoja nazo. Tarakimu huonyesha kwamba pesa ipo. Iwe ndogo kuliko utakayofikia, lakini isiwe ya kudhalilisha: mtu aliyelipia jina miaka zaidi ya kumi ameshatoa dola 150 hivi mfukoni, na ukimpa 100 unamwambia apate hasara.

Jibu linakuja: "Ndugu yangu, hilo jina nimelitunza miaka mingi. Kuna mzungu aliniletea 3,000 nikakataa. Wewe kwa vile ni jirani, nipe 3,500." Mtu wetu habishi kuhusu mzungu, kwa sababu hana njia ya kujua na hakuna faida. Anakaa siku tatu, kisha anaandika kwamba kwa bei hiyo atalazimika kuchukua jina jingine alilolipata, jambo ambalo ni kweli, ila akijikaza anaweza kufika 700. Muuzaji anashuka hadi 1,800. Mtu wetu anapanda hadi 950 na kusema inabaki mezani mpaka mwisho wa mwezi. Wanakutana kwenye 1,100. Tazama ngazi zake: aliongeza 300, kisha 250, kisha 150. Kila nyongeza ilikuwa ndogo kuliko iliyotangulia, na muuzaji yeyote aliyewahi kupatana bei anausoma ujumbe huo bila kuambiwa: mfuko unakaribia kukauka.

Wapo ambao badala ya kupatana huanza na vitisho vya wakili. Upo utaratibu wa kudai domeni bila kuinunua, uitwao UDRP, uliowekwa 1999. Lakini mdai lazima athibitishe mambo matatu kwa pamoja: kwamba domeni inafanana na alama yake ya biashara, kwamba mwenye domeni hana haki wala maslahi halali nayo, na kwamba aliisajili na kuitumia kwa nia mbaya. Mkenya wetu aliisajili 2014 kwa biashara yake mwenyewe, miaka mingi kabla kampuni ya Moshi haijazaliwa. Nia mbaya dhidi ya kampuni ambayo haikuwepo haiwezekani. Na ada ya kufungua shauri WIPO, mbele ya mwamuzi mmoja, ni dola 1,500, kabla ya kumlipa wakili. Huko Marekani, Uzi Nissan alisajili nissan.com mwaka 1994 kwa biashara yake ya kompyuta, akitumia jina la ukoo wake. Kampuni ya magari ya Nissan ilimshtaki 1999 ikidai dola milioni 10. Alipigana miaka mingi, na alipofariki 2020 domeni ilikuwa bado yake. Vitisho kwa mtu mwenye haki humfanya asiuze hata kwa bei nzuri. UDRP ni kwa ajili ya yule aliyekuja baada yako akachukua jina lako ili akuuzie.

Bei imekubaliwa, hatari ya pili inaanza. Muuzaji anasema, "Nitumie kwa M-Pesa, nami nikutumie msimbo wa kuhamishia." Huenda ni mtu mwaminifu kabisa. Lakini pesa ikishatolewa kwa wakala hairudi, na msimbo peke yake haukupi umiliki: domeni ikiwa bado imefungwa, au msimbo umebadilishwa nusu saa baadaye, umenunua herufi tupu. Na swali la msingi halijajibiwa: huyu unayezungumza naye ndiye mwenye domeni?

Jaribio la kwanza ni rahisi. Muombe aweke rekodi ya TXT yenye neno ulilolichagua wewe, kwa mfano namba fulani, kisha uiangalie mwenyewe:

```
dig TXT example.com +short
```

Neno likionekana, anaishika domeni. Asiyeweza kufanya hivyo, au anayetoa visingizio, huenda hana anachouza. Wako wanaotuma barua "tunauza jina fulani" kumbe linakaribia kufutwa na bado ni la mtu mwingine. Wanatafuta mnunuzi kwanza ndipo wakalivizie.

Lakini kuishika siyo kuimiliki, kwa sababu mwizi naye anaishika. Mwaka 2006 mtu mmoja wa New Jersey aliingia kwenye barua pepe ya mmoja wa wenye p2p.com, akaihamishia domeni kwake, kisha akaiuza kwenye mnada wa eBay. Mnunuzi alikuwa Mark Madsen, mchezaji wa NBA, aliyelipa zaidi ya dola 110,000 bila kujua kwamba ni mali ya wizi. Mwizi alikamatwa 2009 na baadaye akafungwa miaka mitano. Kwa hiyo angalia historia. Domeni ya miaka mingi iliyobadilisha msajili mwezi uliopita, muuzaji mwenye haraka, bei iliyo chini mno, na anwani ya barua pepe iliyofunguliwa juzi: mambo hayo yakikutana, simama. Kinga bora ya mtu wetu ni kwamba alimpata muuzaji kwa namba iliyokuwa kwenye tovuti yenyewe mwaka 2015. Hakusubiri kutafutwa. Mtu akikuanza yeye akidai ni mwenye domeni, tafuta njia yako mwenyewe ya kumfikia mwenyewe, usitumie ile aliyokupa.

Malipo yapitie kwa mshika amana, yaani kampuni inayopokea pesa, inamjulisha muuzaji kwamba zimefika, inasubiri domeni ihame, ndipo inamlipa. Inayojulikana zaidi katika biashara hii ni Escrow.com, yenye leseni ya jimbo la California. Ada yake ni asilimia ya bei, pamoja na kiwango cha chini ambacho huuma kidogo kwenye mauzo madogo. Kwa dola 1,100 bado inastahili. Matapeli hujenga tovuti bandia za aina hii, zenye nembo na rangi zilezile, kisha humtumia mnunuzi kiungo. Usibonyeze kiungo cha mtu. Andika anwani mwenyewe herufi kwa herufi, fungua akaunti, na maelezo ya benki yasome ndani ya akaunti hiyo tu. Barua inayokuja katikati ya shughuli ikisema akaunti ya benki imebadilika, ichukulie kuwa ya uongo mpaka uthibitishe. Kama wote wawili mnakwepa kampuni ya ng'ambo, wakili mnayemwamini nyote anaweza kushika pesa hiyo kwa hati fupi ya mauzo inayotaja domeni, bei, majina ya pande mbili na siku ya mwisho ya kuhamisha.

Uhamisho una njia mbili. Ikiwa nanyi mko kwa msajili mmoja, au ukifungua akaunti kwa msajili wake, muuzaji huisukuma domeni kutoka akaunti yake hadi yako, na mara nyingi siku hiyohiyo imekamilika. Hii ndiyo ninayoipendelea. Njia ya pili ni kuihamishia kwa msajili wako: muuzaji anaondoa kufuli, alama ya `clientTransferProhibited` inatoweka kwenye taarifa, anakupa msimbo, wewe unauingiza kwako, na kazi huweza kuchukua siku tano. Uhamisho wa .com kwa msajili mwingine huongeza mwaka mmoja kwenye muda wake. Ila domeni iliyosajiliwa au kuhamishwa karibuni kwa kawaida hufungwa siku 60, na hapo kusukuma ndani ya msajili uleule ndiyo njia inayobaki. Hayo yote ni ya .com; .co.ke iko chini ya KeNIC na .co.tz ina masjala yake, na taratibu zao uziulize kwa msajili wa hapo kabla ya kulipa.

Mshika amana hukupa muda wa kukagua, na ukinyamaza mpaka uishe pesa huachiwa. Kwa hiyo usikubali muda mfupi, na usithibitishe kwa sababu muuzaji amepiga simu kusema ameshatuma. Ingia kwenye akaunti yako kwa msajili. Domeni imo? Anwani ya mwenye akaunti ni yako, si ya fundi wa tovuti? Unaweza kubadilisha seva za majina, na lookup.icann.org inaonyesha msajili uliyemtarajia? Mtu wetu alibadilisha seva, akasubiri hadi jioni, akaona .com inafungua tovuti yake, ndipo akabonyeza kukubali. Kisha akarudisha kufuli, akaweka ulinzi wa hatua mbili kwenye akaunti ya msajili na kwenye barua pepe inayoishikilia, akalipia miaka mitano mbele. Ile .co.tz hakuiacha, kwa sababu imeshachapwa kwenye vipeperushi vya miaka minne. Aliielekeza tu kwenye tovuti mpya.